Zankelo inaweza kuwa neno, Nkezi bado: mapengo mawili tofauti kwenye Kiswahili

Mdogo wangu anakamua juisi ya zabibu nyumbani kwake Nkuhungu hapa Dodoma, zabibu anazifuata Hombolo, na mwezi uliopita alikuja kwangu jioni na karatasi ya daftari imeandikwa majina manne. Hataki jina lenye "zabibu" ndani yake sababu kila mtu mjini ana jina hilo, anataka neno jipya kabisa, ila mtu akilisikia aone ni Kiswahili, yaani aone ni neno ambalo lipo sema yeye hajawahi kukutana nalo. Majina yenyewe ni Zelumbi, Zanlo, Nkezi na Zankelo. Akaniambia, "Kaka we ndo mtu wa lugha, niambie lipi linaweza kuwa neno."

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa amekaa palepale barazani, akajibu kabla yangu kwamba hakuna hata moja, fungua kamusi uone. Namheshimu sana mzee yule lakini hapo ndo kuna kosa ambalo watu wengi wanalifanya, na ndo limenifanya niandike hii makala. Kamusi inakwambia neno lipo au halipo, basi. Swali la mdogo wangu ni lingine kabisa, yeye anauliza lingeweza kuwepo? Na kwa swali hilo yale majina manne hayako sawa hata kidogo ingawa yote manne ukiyatafuta kwenye kamusi unatoka mikono mitupu.

Chukua hesabu ndogo tu uone kwa nini kamusi haiwezi kujibu. Kiswahili kina irabu tano. Konsonanti zinazoweza kuanza silabi, ukihesabu p, b, t, d, ch, j, k, g, f, v, th, dh, s, z, sh, gh, h, m, n, ny, ng', l, r, w, y, ni 25, ongeza zile zinazotanguliwa na nazali, yaani sauti za puani kama m na n, ndo mb, nd, nj, ng, mv, nz, unapata 31. 31 mara 5 ni silabi 155, na hapo sijagusa kwa, mwa, vya na wenzake. Maneno ya silabi mbili yanayoweza kutengenezwa ni 155 mara 155, yaani 24,025. Ukienda silabi tatu ni 3,723,875. Hakuna lugha ya watu yenye shughuli ya kujaza nafasi zote hizo, kwa hiyo sehemu kubwa sana ya nafasi iko tupu na itabaki tupu, na neno moja moja kukosekana haina maana yoyote. Hakuna aliyelikataa, ni kwamba hakuna aliyewahi kulihitaji.

Hilo ndo pengo la bahati. Lakini kuna pengo la pili, la mfumo, ambalo nafasi iko tupu kwa sababu lugha yenyewe hairuhusu kitu kukaa pale. Mwaka 1965 wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle walilionyesha hili kwa maneno matatu ya Kiingereza: brick ambalo lipo na maana yake ni tofali, blick ambalo halipo, na bnick ambalo pia halipo. Mwingereza yeyote ukimwambia blick anakuuliza ni kitu gani hicho, ila ukimwambia bnick anakwambia hilo sio Kiingereza. Yote mawili hayapo, lakini kutokuwepo kwake ni kwa aina mbili. Kiswahili chetu kina maneno mazuri ya kusemea hili, mtu aliyeng'oka jino moja tunasema ana pengo, mtu ambaye meno hayapo kabisa ni kibogoyo. Sasa ukitaka kujua nafasi tupu ni ya aina gani usiangalie nafasi yenyewe, angalia majirani zake, je ni jino moja limekosekana au ni safu nzima.

Turudi kwenye karatasi. Zelumbi ni rahisi. Ze ipo kwenye zeze na mzee, lu ipo kwenye luku na kulungu, mbi ipo kwenye kombi na dhambi, silabi zote zinaishia na irabu, mkazo unakaa kwenye lu bila shida. Kila kipande chake kimezoeleka na hakuna kipande kinachomkataa jirani yake. Halipo kwa bahati tu. Na hapo kwenye dhambi niongeze kitu kidogo, maana nimeshawahi kumsikia mtu akisema eti sauti za Kiarabu kama dh haziwezi kukaa neno moja na sauti za Kibantu kama mb, na ukiangalia haraka utaona kama kweli, lakini dhambi hilo hapo, na tunalitamka kila siku. Neno moja tu linatosha kuangusha sheria ya namna hiyo, ndo maana mtu asiwe na haraka ya kutangaza sheria kila akiona pengo.

Zanlo ni hadithi nyingine. Tatizo ni n na l kugusana. Hapo sio neno moja limekosekana, tafuta maneno yetu yenye nl ndani hutayaona, tafuta yenye nr hutayaona. Lakini ushahidi mkubwa kwangu sio huo wa kutoona, ni kile lugha inachokifanya pale sarufi inapozisukuma hizo sauti mbili zikutane. Ulimi mmoja, wingi wake kwa kanuni ya ngeli ni n ikae mbele ya limi, ingetakiwa iwe nlimi, lakini tunasema ndimi. Ukuta mrefu, ila nyumba ndefu, hatusemi nyumba nrefu. Sauti ya l au ya r ikikanyagwa na n inageuka d palepale, na hakuna mtoto anayefundishwa hivyo darasani, anakuja nayo shule tayari. Lugha ikiwa inatoa jasho kukwepa kitu namna hiyo, hilo ni pengo la mfumo. Siku hizi kuna onlaini, ndio, na tunaisema, lakini imekuja peke yake na hadi sasa haijaleta ndugu zake. Kwa hiyo Zanlo nikamwambia mdogo wangu aifute.

Sasa Nkezi. Nikamwambia nayo ni ya mfumo, akanishika palepale. "Kaka, mimi nakaa Nkuhungu. Ntyuka je? Mpamantwa je? Zanka ya kule Bahi je?"

Swali zuri sana, na ni swali ambalo mtu wa Dodoma ana haki ya kuuliza kuliko mtu wa Tanga, maana sisi kila siku tunapanda daladala zenye majina ambayo kwa mpangilio wa Kiswahili yasingekuwepo. Kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Angalia safu yenyewe kwanza. Ndani ya mizizi ya Kiswahili cha asili tuna mb kama kwenye kamba, tuna nd kama kwenye punda, tuna nj kama kwenye kunja, tuna ng kama kwenye panga. Sasa weka mkono kooni utamke b, d, j, g, utasikia mtetemo. Halafu tamka p, t, ch, k, mtetemo haupo. Ukitafuta mizizi ya asili yenye mp, nt, nch, nk ndani yake unarudi mikono mitupu, au karibu mitupu. Zimekosekana zote nne pamoja na zote nne zina tabia moja, hazina mtetemo. Hiyo sio bahati. Hasa ukizingatia kwamba k na t ni kati ya sauti zinazotumika sana kwenye Kiswahili, na n ikifuatwa na g na d ipo kila mahali, kama ingekuwa bahati tu tungetarajia mizizi mingi ya nk na nt. Ukitarajia kingi ukakuta hakuna, hapo kuna kitu kimezuia. Tofauti na Zelumbi, ambayo kwa bahati ulikuwa hutarajii hata moja.

Na tunajua kilichozuia. Angalia ndugu zetu wa Kibantu. Mganda anasema omuntu na ekintu, Kinyarwanda ni umuntu na ikintu. Sisi ni mtu na kitu. N ilikuwepo pale, imekatika. Mganda anamwita kuku enkoko na pete anaiita empeta, sisi tumebaki na k tupu na p tupu. Wenzetu wa pwani wanaojua lugha kwa ndani watakwambia hiyo nazali haikuondoka bure, iliacha pumzi. Kwao paa ya nyumba na paa mnyama wa porini hazitamkwi sawa, yule mnyama p yake ina hewa inayosukumwa nje, na kaa la moto na kaa wa baharini vilevile, yule wa baharini k yake ina pumzi. Sisi wa bara pumzi hiyo hatuiweki na maandishi hayaionyeshi, kwa hiyo masikioni mwetu alama yake imefutika kabisa.

Kigogo, lugha ya wenyeji wa hapa Dodoma ambayo wenyewe wanaiita Cigogo, kilipambana na sauti hizohizo ila kikapita njia nyingine. Mtu kwa Kigogo ni munhu, ile t ndo imeyeyuka ikabaki nazali yenye pumzi, na ukiona jina la kata kama Ng'hong'honha unaona pumzi hiyo imeandikwa kabisa ubaoni. Mgeni akifika stendi akaliona jina hilo mara ya kwanza anasimama kwanza. Kwa mpangilio wa Kiswahili ng'h ni pengo la mfumo, kwa Cigogo ni kitu cha kawaida. Pengo sio la mdomo wa binadamu, ni la lugha. Hata hiyo bn ya bnick inayomshinda Mwingereza, Waarabu wa Moroko wanaanza nayo maneno bila tatizo.

Kwa hiyo jibu langu kwa mdogo wangu kuhusu Nkuhungu lilikuwa kwamba majina ya mahali yamekuja kwenye Kiswahili yakiwa yameshatengenezwa kwingine, na tunayabeba kama yalivyo kwa heshima ya mahali. Yanafundisha sikio kuzoea, hilo nakubali, lakini hayawezi kuwa ushahidi kwamba Kiswahili kinatengeneza maneno yake hivyo. Ushahidi unatafutwa pale ambapo Kiswahili kinafanya kazi chenyewe.

Na pa kuangalia ni palepale penye ile n ya ngeli. Nyumba mbaya, nyumba nzuri, nyumba ndefu, n imekaa ikabadilika kidogo kufuata jirani. Nyumba kubwa, ndizi tamu, barabara pana, siku chache. N imeenda wapi? Hakuna nkubwa wala ntamu. Ubao ni mbao, lakini ukuta ni kuta na upanga ni panga. Kila pale n inapokaribia kukutana na k, t, p, ch, inaachia. Halafu kuna maneno machache ambayo yanaonekana kama yanavunja sheria: nyumba mpya, nchi, nta. Ukiyaangalia vizuri yote mizizi yake ni ya silabi moja, pya, chi, ta. Kiswahili hakipendi nomino au kivumishi cha silabi moja kisimame peke yake, kwa hiyo pale n na m zinabakishwa, ila zinakuwa silabi nzima zenyewe. Tamka nchi polepole, sauti inapanda kwenye n. Ni n-chi, silabi mbili, mkazo uko kwenye n. Haijagandana na ch kama nd inavyogandana kwenye ndimi.

Hii ya nazali kuwa silabi nzima au kugandana ndo inawachanganya watu wengi, kwa hiyo naiweka kwa mfano mmoja. Mbuni ndege yule mkubwa asiyeruka, na mbuni mti wa kahawa. Herufi zilezile tano. Ndege ni mbu-ni, silabi mbili, na wingi wake ni mbuni. Mti ni m-bu-ni, silabi tatu, na wingi wake ni mibuni. Kwa hiyo mtu akikwambia mbona mp ipo, kuna mpira, mbona mk ipo, kuna mkate, mwambie hiyo m ni ile ya mu iliyopoteza irabu yake, ni silabi inayojitegemea, wingi ni mipira na mikate. Aliyekosekana ni nazali iliyogandana na p au k, hayo mawili macho hayawezi kuyatofautisha ila sikio linaweza.

Sasa, mtu mkali wa lugha atakuwa ameshaanza kunipinga na maneno mawili matatu, na yuko sahihi. Benki. Tanki. Senti. Kampuni. Pampu. Pancha. Haya tunayasema kutwa nzima, fundi baiskeli wa pale Majengo haongezi irabu kwenye pancha wala haondoi n, na bibi yangu asiyejua Kiingereza hata neno moja alikuwa anasema senti bila kujikwaa. Kama nt ni pengo la mfumo, mbona imeingia kiulaini hivi?

Linganisha na maneno yaliyoishia na konsonanti. Hayo yalipoingia yalitengenezwa karibu yote, ndo tukapata basi, klabu, tiketi, kitabu, na hiyo i ya mwisho kwenye benki nayo. Ona benki vizuri basi, ndani ya neno moja tuna marekebisho na tuna kuacha. Mwisho wa neno umetengenezwa kwa kuongezwa irabu, ila nk ya katikati imeachwa ilivyo. Hilo kwangu ndo linaonyesha kwamba mapengo ya mfumo yenyewe hayana nguvu sawa. Kuna ambalo mpaka leo bado linafanya kazi, kila neno linalokuja linakatwa kulingana nalo. Na kuna lililotengenezwa na historia, sauti ziliondoka pale zamani, nafasi ikabaki tupu, lakini mlinzi aliyezitoa ameshaondoka zake. Kiingereza nacho kina habari hii, zamani k ya knife ilikuwa inatamkwa, baadaye ikafa kwenye maneno yote ya kn kwa pamoja, ikaacha herufi tu.

Nafikiri kuna sababu ya pili iliyofungua mlango kwa nt na nk, na hii iko kwenye vidole vyetu. Tunaandikaje meseji? Ntakuja kesho. Nkamwambia. Nshafika. Ni nitakuja, nikamwambia, nishafika, irabu ya ni imeliwa. Kwa mazungumzo ya kawaida n inasimama mbele ya t, k, sh siku nzima, na inasimama kama silabi, n-ta-ku-ja. Kule Pemba utasikia ntu kwa mtu, m imefuata t ikawa n, nayo ni silabi vilevile. Na katikati ya neno tuna nampa, nampenda, na-m-pe-nda, kwa hiyo kampuni ilipokuja ilikuta kiti kiko tayari. Mdomo wetu haukuwa na tatizo na sauti zenyewe, ulikosa mizizi ya kuzibeba.

Hapo ndo Zankelo inapotengana na Nkezi, ingawa zote zina nk. Zankelo ina nk katikati, inakaa kama tanki na benki, mtu anaitamka zan-ke-lo bila kusita. Ila ina sura ya neno lililokuja, halina harufu ya mzizi wa Kibantu. Nkezi inaanza na nk na inataka kuwa nomino. Mahali pale ndo mlinzi bado yupo, maana n ya ngeli bado inaachia mbele ya k kila siku, kuta, kubwa, na mzizi kezi una silabi mbili tayari, hauna sababu ya kuishikilia n kama nchi inavyoishikilia. Kwa sarufi yetu neno hilo lingetoka likiwa kezi tu.

Sikutaka nimwambie kwa maneno matupu. Watoto wake wanne walikuwepo, nikawaita, nikawaambia kuna vitu vinaitwa ukezo, ubezo na ulezo, kimoja kimoja, sasa mjomba ameleta vingi, ameleta nini? Njia hii sio yangu, mtafiti Jean Berko aliitumia Marekani mwaka 1958 kwa kuwaonyesha watoto mnyama wa kuchora mwenye jina la kubuni na kuwauliza wakiwa wawili wanaitwaje, na faida yake ni kwamba mtoto hawezi kukariri wingi wa neno ambalo halijawahi kuwepo.

Ukezo, wote wanne wakasema kezo. Ubezo, wawili wakasema mbezo, mmoja bezo, mdogo kabisa akasema mabezo. Ulezo ndo palichangamka, wawili wakasema lezo, mmoja malezo, yule binti mkubwa wa darasa la sita akafikiri kidogo akasema ndezo. Watoto wanne wa nyumba moja hawatoshi kuthibitisha kitu, hilo liko wazi, lakini angalia walichokifanya. Kanuni ya kuweka n inaonekana inalegea, wengi wanaondoa u tu na maisha yanaendelea, na hiyo ma inazidi kusogea. Ila katika majibu yote kumi na mawili hakuna aliyesema nkezo na hakuna aliyesema nlezo. Walitawanyika kila upande isipokuwa upande huo.

Yule mwalimu jirani yangu akasema basi maneno yagawanywe, yanayowezekana huku na yasiyowezekana kule, tumalize. Hapo simfuati. Mtafiti Robert Scholes mwaka 1966 alichapisha majaribio aliyowauliza wanafunzi wa darasa la saba Marekani kuhusu maneno ya kubuni, kila neno linaweza kuwa Kiingereza au hapana, na ukihesabu kura huoni mafungu mawili, unaona ngazi, kuna yaliyokubaliwa na karibu wote, kuna yaliyokataliwa na karibu wote, na kuna ya katikati kibao. Karatasi ya mdogo wangu ni hivyohivyo. Zelumbi juu, Zankelo inafuata, Nkezi chini yake, Zanlo mwisho. Ninachokataa ni mtu kuitazama ngazi hiyo akasema basi yote ni mazoea ya sikio. Hatua kati ya Zelumbi na Zankelo ni ya mazoea, ni nk kuwa ngeni kidogo. Hatua kati ya Zankelo na Nkezi ni ya sarufi, kuna kanuni unaweza kuinyooshea kidole na ukaijaribu kwa watoto sebuleni. Ukizichanganya hizo mbili utajikuta unamkataza mtu neno zuri kwa sababu tu hujalizoea, na nimeona wasahihishaji wa miswada wakifanya hivyo, mtu kabuni istilahi yenye nazali na k ndani wanampigia mstari mwekundu "si Kiswahili" huku wao wenyewe wametoka benki asubuhi.

Mdogo wangu bado alikuwa ameipenda Nkezi. Akachukua Zelumbi na Nkezi zote mbili akaenda nazo kwa kijana anayechapa stika, akamtajia kwa mdomo ili atengeneze sampuli. Jioni akanitumia picha. Moja imeandikwa ZELUMBI kwa rangi ya zambarau, imekaa sawasawa. Nyingine imeandikwa MKEZI. Akampigia kumwambia amekosea, yule kijana akamjibu, "Si ndo ulivyosema dada?"